Samaki Anaingia, Nyama Inatoka

Wapishi wenzangu, na ninyi mnaosimamia ukumbi, ahsanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie kubadilisha menyu msimu ukigeuka. Sitaizungumzia menyu nzima. Nitachukua sahani moja inayoingia na moja inayotoka, tuzifuate tangu jikoni hadi kwenye meza ya mgeni, kwa sababu makosa karibu yote niliyoyafanya katika kazi hii yanapatikana ndani ya sahani hizo mbili.

Inayoingia ni samaki wa msimu, mnofu wenye ngozi, unaokaangwa mpaka ngozi ikauke na kuwa kama kaukau, pamoja na sosi ya siagi na mboga. Mara ya kwanza niliijaribu saa tisa alasiri, jiko likiwa limetulia. Tuliionja watu watano na kila mmoja akatikisa kichwa kwa raha. Tukaiweka kwenye menyu, tena siku ya Ijumaa. Ilipofika saa mbili usiku oda za samaki zilikuwa zimejipanga, na mpishi wa kikaango analowa jasho. Kikaango kilikuwa kinabeba vipande vitatu, na kila kipande kilihitaji dakika saba. Jiko lilikuwa na mafiga manne, mawili tayari yana kazi nyingine. Kwa hiyo tulikuwa na uwezo wa samaki sita kila dakika saba, na oda zilikuwa zaidi ya hapo. Kijana akafanya ambalo yeyote angelifanya: akabana vipande vitano katika kikaango kimoja. Joto likashuka, samaki wakatoa maji, ngozi zikaganda chini. Ladha tuliyoisifu saa tisa haikufika mezani hata mara moja usiku ule.

Tangu siku hiyo, kwangu jaribio la sahani lina hatua mbili. Ya kwanza ni ulimi. Ya pili ni jiko likiwa limechemka: sahani sita za aina moja zinaitwa kwa oda moja, katikati ya oda nyingine za kawaida, huku mtu amesimama pembeni na saa. Ukiona wapishi wawili wanasubiri figa moja, au sahani ya kwanza imepoa kabla ya ya sita kutoka, hilo halitibiwi kwa chumvi wala ndimu. Inabidi ubadilishe njia ya upishi. Sisi tulimpa samaki dakika mbili tu kwenye kikaango, ngozi chini, kisha tukawahamishia kwenye sinia lililopashwa moto ndani ya oveni wakamalizikie humo. Kikaango kikawa huru kila baada ya dakika tatu hivi, pamoja na kukifuta.

Sasa gharama. Nitataja tarakimu tupu, kila mtu avishe fedha anayoitumia.

Samaki mzima ananunuliwa 600 kwa kilo. Mpishi mgeni wa hesabu husema: mnofu wangu ni gramu 180, kwa hiyo ni 108. Hapana, bwana. Hujanunua minofu, umenunua na kichwa, miiba, magamba na matumbo. Chukua kilo 10, zimekula 6,000. Zisafishe, kisha pima kilichobaki. Sisi tulipata kilo 4.5, yaani asilimia 45. Kwenye karatasi hizo ni sahani 25. Kwenye ubao wa kukatia tulipata 23, kwa sababu sehemu za mkia ni nyembamba na huwezi kumpa mgeni vipande viwili vya mkia ukaviita mnofu. Gawanya 6,000 kwa 23: kila mnofu ni 261. Ni zaidi ya mara mbili ya ile 108. Vichwa na miiba vinatengeneza supu nzuri, nakubali, lakini visipunguze gharama ya samaki mpaka uwe na hakika kwamba supu hiyo inauzwa kweli.

Ongeza sosi, mboga na mafuta, 95. Jumla 356. Mimi huweka asilimia 5 juu kwa kinachoungua, kinachorudishwa na kinachoonjwa, tunafika 374. Tukiuza 1,200, kodi ikiwa imeshatolewa, viambato vinakula asilimia 31 na zinabaki 826.

Hapo ndipo wenye hoteli hushtuka: "Mbona supu inakula asilimia 20 tu? Tuuze supu!" Ni kweli, supu ya 300 ina viambato vya 60. Lakini inabakiza 240. Mishahara na pango havilipwi kwa asilimia. Tazama kinachobaki kwa kila sahani, ndipo utazame asilimia.

Na kwa kuwa samaki ni wa msimu, bei yake haitatulia. Amua mapema, kabla hata ya kuchapisha menyu, ni bei gani ya kilo ikifikiwa sahani hii inasimama. Ukiacha uamuzi huo hadi siku yenyewe, utaendelea kuuza kwa aibu ya kuwaambia wageni hakuna.

Inayotoka ni nyama ya kuchemshwa taratibu. Nayo tusiihukumu kwa mazoea. Mwaka 1982 Kasavana na Smith, waandishi wa kitabu cha uchambuzi wa menyu, walipendekeza kipimo cha kujua sahani inapendwa kiasi gani, ambacho bado nakitumia. Una sahani kuu 8, kila moja ingestahili asilimia 12.5 ya mauzo. Chukua asilimia 70 ya hiyo, ni 8.75. Katika wiki nne tuliuza sahani kuu 1,600, kwa hiyo mstari wa kufaulu ulikuwa sahani 140. Nyama iliuza 96, na ilibakiza fedha pungufu ya wastani wa wenzake. Imeshindwa pande zote mbili. Hata hivyo niliuliza kwanza: ni mara ngapi iliisha saa moja usiku? Sahani inayoisha mapema huonekana haipendwi. Yetu haikuwahi kuisha. Tena ilikuwa na viungo viwili ambavyo hakuna sahani nyingine iliyovitumia, vimekaa stoo vinazeeka. Tuliacha kuviagiza wiki tatu kabla, na kilichobaki kikapikwa kama sahani ya siku.

Wahudumu tuliwafundisha kwa kuwalisha. Kila mmoja alikula sahani nzima, si kijiko. Kisha nikawauliza maswali ya mgeni: inachukua muda gani? Ina maziwa? Wawili walijibu haina, kwa kuwa siagi haionekani. Mgeni mwenye mzio wa maziwa angelipia jibu hilo kwa afya yake, kwa hiyo orodha ya mzio ilibandikwa upya kabla ya sahani kuuzwa. Jikoni tulibandika picha ya sahani iliyopangwa, na mizani ikawekwa pale pale minofu inapokatwa. Gramu 180 hugeuka 210 kimyakimya kabla wiki haijaisha.

Safari hii tulianza Jumanne. Jumatatu usiku keshia aliifuta nyama kwenye mashine ya mauzo, tukakusanya menyu za zamani zote. Moja ilibaki chini ya mto wa kiti, na Jumatano mgeni akaagiza nyama kutoka humo.