Kumtoa mhusika Blender na kumwingiza Unity: kipimo, mihimili na majina ya mifupa

Karibu, mtazamaji. Leo tunamhamisha mhusika mmoja mwenye mifupa, binadamu wa mita 1.8, kutoka Blender kwenda Unity kwa faili ya FBX. Kazi kubwa iko kabla ya kugusa menyu ya Export, kwa hiyo tuanzie huko.

Fungua Scene Properties, sehemu ya Units. Unit System iwe Metric na Unit Scale iwe 1.0. Sasa mchague mhusika, bonyeza N, utazame Dimensions: Z inapaswa kusoma karibu 1.8 m. Hapo hapo angalia Scale. Ikisoma 0.01 badala ya 1, mhusika anaonekana sawa kwa macho lakini hesabu yake ndani si sawa. Chagua meshi na Armature kwa pamoja, bonyeza Ctrl+A, chagua All Transforms.

Fanya hivyo kabla ya kuanza animesheni. Ctrl+A hurekebisha mifupa yenyewe, lakini fremu za mwendo zilizokwisha kuwekwa haizigusi. Nyonga iliyokuwa ikisogea vizio 20 ndani ya Armature ya 0.01 ilikuwa inakwenda sentimita 20 tu; ukishatumia Ctrl+A, vizio vile vile 20 vinakuwa mita 20, na mhusika anaruka nje ya skrini. Ikiwa umeshachelewa, ingia Graph Editor, chagua mikunjo ya Location peke yake, weka Pivot Point kuwa 2D Cursor na kishale kiwe kwenye thamani 0, kisha andika S, Y, 0.01. Mikunjo ya Rotation iache ilivyo.

Sasa mihimili. Blender huhesabu Z kuwa juu, Unity huhesabu Y. Mgeuzo huo utafanywa na FBX. Wajibu wako ni mwelekeo wa uso. Bonyeza 1 kwenye Numpad: lazima uone uso wa mhusika, maana yake anatazama -Y. Ukiona kisogo, mzungushe nyuzi 180 na urudie Ctrl+A, la sivyo ndani ya gemu atatembea kinyumenyume.

Kwa majina, kumbuka kwamba mkono wa kushoto wa mhusika uko kulia kwa skrini anapokutazama. Huo ndio wenye .L, kwa mfano UpperArm.L. Mfupa usipewe jina ambalo kitu kingine tayari kinalo: meshi ikiitwa Hips na mfupa ukiitwa Hips, Unity katika hali ya Humanoid itakataa kwa ujumbe unaoanza na Ambiguous Transform. Mifupa iliyonakiliwa nayo hubaki na mikia kama .001. Ukiwa umechagua Armature, iendeshe hii kwenye Text Editor, na majina hayo yatatokea kwenye konsoli:

```python
import bpy
for b in bpy.context.object.data.bones:
    if b.name[-3:].isdigit():
        print(b.name)
```

Yabadilishe sasa. Blender itabadilisha na Vertex Groups za meshi iliyofungwa kwenye mifupa hiyo. Ukingoja mpaka uwe Unity, klipu za Generic hushika mfupa kwa njia ya majina yake, na jina likibadilika utaona Missing! kwenye dirisha la Animation.

Chagua meshi na Armature, kisha File, Export, FBX. Washa Selected Objects. Forward iwe -Z Forward, Up iwe Y Up. Apply Scalings iwe FBX All. Apply Transform iache imezimwa, kwa kuwa huharibu mifupa na animesheni. Kwenye Armature, washa Only Deform Bones na uzime Add Leaf Bones, ambayo huongeza mifupa ya _end isiyo na kazi.

Ukishaingiza Unity, weka Cube ya kawaida kando yake, ikisimama sakafu moja naye. Cube ni mita 1, hivyo mhusika aipite kwa sentimita 80. Kisha bofya Armature utazame Scale kwenye Inspector. Ikisoma 100, uliacha Apply Scalings kwenye All Local. Urefu utaonekana sahihi, lakini upanga wa mita 1 utakaoumbwa na skripti chini ya mfupa wa mkono utakuwa wa mita 100. Rudi Blender utoe faili upya.

Rotation ya X ikisoma -90, au -89.98, usiisahihishe kwa mkono. Ndiyo mgeuzo wa Z kuwa Y. Mweke mhusika ndani ya GameObject tupu yenye mzunguko 0, na skripti ya kutembea iwe juu ya hiyo tupu. Ukiiweka kwenye Armature, transform.forward itaelekea angani.