Andazi Lililohamishwa: Kosa la Mtoto wa Miaka 3 na Kosa la Mtoto wa Miaka 7

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kufika. Jioni hii nitazungumzia swali moja wanaloulizwa watoto wadogo, na zaidi nitazungumzia jibu lao la makosa, kwa sababu kosa hilohilo lina maana tofauti kwa kutegemea umri wa anayelifanya.

Wanasaikolojia huita nadharia ya akili ule uwezo wa kutambua kwamba mwenzako ana mawazo yake, na kwamba mawazo hayo yanaweza kutofautiana na yako, hata na hali halisi. Kipimo chake mashuhuri walikibuni Heinz Wimmer na Josef Perner mwaka 1983 kwa hadithi ya mvulana aliyehifadhi chokoleti kabatini, kisha mama yake akaihamishia kabati jingine. Mimi nakiita jaribio la dhana isiyo kweli, wala sisemi imani potofu, maana kwetu maneno hayo huvuta fikra kwenye ushirikina.

Hapa Dar es Salaam hutumia andazi. Mwezi uliopita, nyumbani Magomeni, nilimkalisha mkekani mpwa wangu wa miaka 3 na nusu, nikamwonyesha wanasesere wawili wa kitambaa. Asha aliweka andazi lake kikapuni, akaenda kuteka maji. Akiwa nje, Juma alilitoa, akalitia kwenye sufuria na kufunika. Asha akarudi na njaa yake. Nikauliza: Asha atalitafuta wapi andazi lake? Mtoto akaonyesha sufuria. Nikauliza tena: sasa hivi andazi liko wapi? Sufuria. Na mwanzo Asha aliliweka wapi? Kikapu.

Maswali hayo mawili ya mwisho ndiyo yanayolipa jibu la kwanza maana yake. Mtoto akishindwa kuyajibu, huenda alisahau hadithi au hakuielewa, na jibu lake halihesabiwi. Mpwa wangu alikumbuka kila kitu, na bado alimpa Asha ujuzi ambao Asha hakuwa na njia ya kuupata. Ni kweli kwamba kukiwa na sehemu mbili tu, jibu la mtoto mmoja linaweza kuwa la kubahatisha. Lakini watoto wa miaka 3 wakijaribiwa kwa wingi, hawagawanyiki nusu kwa nusu kama wanaobahatisha. Wengi wao huelekea mahali kitu kilipo kweli.

Isitoshe, kosa haliishii kwa mwenzake. Mwonyeshe kopo la peremende, lifungue, akute penseli, kisha mwulize kabla ya kufungua alifikiri mna nini. Wengi wa umri huo hujibu kwamba walifikiri mna penseli. Mawazo yake mwenyewe ya dakika moja iliyopita yamefunikwa na anachokijua sasa.

Hata hivyo, kabla mpwa wangu hajanyoosha kidole, macho yake yalikwenda kwanza kikapuni. Huenda ilikuwa bahati, lakini mwaka 1994 Wendy Clements na Perner walionyesha kwamba watoto wanaokaribia miaka 3 mara nyingi hutazama mahali sahihi huku mdomo ukitaja pasipo sahihi. Kwa hiyo sikubali kusema kwamba mtoto wa umri huo hana lolote. Kuna kitu anachokihisi ambacho bado hawezi kukitumia katika jibu, na kati ya miaka 4 na 5 wengi huvuka.

Mtoto akiwa na miaka 7 au 8 na bado anaonyesha sufuria, lazima tutafute sababu nyingine. Mwaka 1985, Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith waliwajaribu watoto 20 wenye usonji, na 16 kati yao walikosea, ilhali wengi wa watoto wenye ugonjwa wa Down walipatia. Hivyo kosa hilo haliwezi kuelezwa kwa uzito wa akili kwa jumla. Lakini 4 walipatia, na kwa sababu hiyo kipimo hiki peke yake hakitoshi kumtambua mwenye usonji.

Tena wapo watoto viziwi. Wale waliozaliwa na wazazi wanaosikia, wakachelewa kupata lugha ya alama, mara nyingi hukosea hadi umri mkubwa. Wale waliozaliwa na wazazi viziwi, wakaikuta lugha ya alama nyumbani tangu uchanga, hupatia kwa wakati uleule kama wenzao wanaosikia. Masikio yao ni yaleyale. Walichokosa wale wa kwanza ni miaka ya mazungumzo kuhusu nani alijua, nani alisahau na nani alidanganywa.

Ndiyo maana nikiletewa mtoto mkubwa aliyekosea, kabla ya kuandika lolote kuhusu akili yake humwuliza mzazi: nyumbani mnazungumza naye kwa lugha gani, na tangu lini?