Mawingu ya Siku Nne
(Mhadhara kwa mawakala wa mauzo ya vifaa vya sola, Tanga)

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na shikamooni wakubwa zangu.

Nimeombwa niseme juu ya maswali yanayokuja ukishamaliza kuonyesha bidhaa mbele ya kikundi. Sitayapitia yote. La bei mnalijua, na la garantii mmelijibu hadi mmelikariri. Leo nataka tukae na swali moja: lile ambalo jibu lake huna, limeulizwa mbele ya watu ishirini na kitu, na wote wamegeuka kukutazama.

Nilikwenda Kigombe, njia ya Pangani, kuuza friza za sola kwa akina mama 24 wachuuzi wa samaki. Tulikaa kwenye majamvi chini ya mwembe. Friza ya lita 200, paneli ya wati 200, betri moja ya volti 12 na ampia-saa 100, malipo kwa rejesho la kila wiki. Nikafungua kifuniko, wakashika barafu kwa mikono yao, nikasema karibuni kwa maswali. Mama mmoja wa makamo akasema, "Mwanangu, masika mawingu yakikaa siku nne, samaki wangu watakuwaje?"

Sikujua.

Ulimi ulikuwa tayari kusema, "Haina shida mama, betri ipo." Maneno hayo nilikuwa nimeyasema wiki chache kabla, kijiji kingine. Kule alikuwepo fundi redio, amekaa nyuma kabisa. Akaniuliza betri inatunza umeme kiasi gani, na friza inakula kiasi gani kwa siku. Nikababaika. Kuanzia hapo hata niliyoyajua vizuri wakaniuliza mara mbili mbili, na sikuuza hata friza moja. Mtu mmoja akishakukamata na jibu la kubahatisha mbele ya wenzake, wengine hawangoji kukukamata wao.

Basi Kigombe kwanza nililirudia swali kwa sauti, maana upepo wa bahari ulikuwa unavuma na wa nyuma hawakusikia. Nililirudia kwa maneno yake yeye: "Mama anauliza, masika, mawingu siku nne, samaki wake watakuwaje?" Hapa wengi wetu tunakosea. Tunasema, "Mama anauliza kuhusu uwezo wa betri." Hakuuliza betri, aliuliza samaki. Ukilibadilisha swali la mtu mbele ya wenzake anajua umelikwepa, na wenzake nao wanajua.

Pili, nikamuuliza: "Siku nne hizo, mama, zilishakukuta?" Akasimulia. Masika iliyopita mvua ilishika, mnunuzi wa kutoka mjini hakufika, changu na kolekole wake wakaharibika kwenye sanduku la barafu, na wiki hiyohiyo alitakiwa kurejesha mkopo wa vikoba. Mnaona? Ndani ya swali moja mna maswali mawili: baridi itadumu? Na isipodumu, rejesho nitalipa na nini? Nisingemuuliza, ningejibu la kwanza na yeye angeondoka na la pili moyoni.

Tatu, nikatenganisha ninachokijua na nisichokijua, kwa sauti ileile. Nikasema: "Ninachokijua, friza ya kulala kama hii ikijaa samaki walioganda na ikabaki imefungwa, inakaa karibu siku mbili bila umeme wowote. Ikiwa nusu, kama siku moja. Nisichokijua ni hiki: mkiifungua kila mteja anapokuja, chini ya mawingu mazito siku nne, itafika siku ya ngapi. Fundi wetu anaweza kuipima."

Ngoja niwaonyeshe kwa nini sikuthubutu kubahatisha. Volti 12 mara ampia-saa 100 ni wati-saa 1,200. Betri ya risasi ukiimaliza kabisa unaiua, kwa hiyo hesabuni nusu, 600. Friza yetu kwa joto la pwani, ikifunguliwa kibiashara, inakula kama 700 kwa siku. Bila jua kabisa, betri peke yake haimalizi siku. Lakini mawingu hayazimi jua lote, paneli bado inaleta kidogo. Hicho kidogo ndicho nilichokuwa sikijui, na jibu zima limesimama juu yake.

Kisha nikatoa daftari na kuandika huku nikisoma: swali gani, nani atalijibu, lini. Nikampigia fundi palepale wakisikia, akasema anahitaji siku nne kamili za kupima. Ndipo nikawaambia, "Jumatano ya wiki ijayo, baada ya alasiri, papa hapa." Siku usiitaje kabla hujamuuliza atakayefanya kazi. Na jibu lirudi kwa waliolisikia swali. Ukimpigia simu yule mama peke yake, wenzake 23 wamebaki na shaka, na yeye umemtwisha kazi ya kukusemea.

Kwenye rejesho walinibana kweli. "Wewe sema tu ndiyo, mtatusubiri." Nikajibu, "Nikisema ndiyo leo, karani wa mikopo atakuja na karatasi ambayo ndiyo yangu haimo." Hilo nalo likaingia daftarini.

Msichanganye haya na swali unalolijua jibu lake ila halipendezi. Mwingine aliniuliza kama garantii inafidia kutu ya chumvi ya bahari. Haifidii, na nilijua. Kusema "nitaulizia" hapo ni uongo. Nikasema, "Hapana mama, haifidii. Iweke ndani ya nyumba, uipanguse kwa kitambaa chenye maji yasiyo ya chumvi, uikaushe."

Fundi alichukua friza mbili bohari, kila moja na samaki hadi nusu. Mahali pa paneli ya wati 200 akafunga ya wati 50, ziishi kama chini ya wingu zito. Moja ikafunguliwa mara ishirini kwa siku, nyingine asubuhi na jioni tu. Ile ya kwanza, siku ya tatu adhuhuri samaki wa juu walibonyea kwa kidole. Ya pili ilifika jioni ya siku ya nne, samaki wagumu.

Jumatano nikarudi na kuwasomea yote, kuanzia baya: kwa betri moja, ukiuza rejareja kutoka kwenye friza hiyohiyo, siku nne za mawingu hazifiki. Na ofisi imekubali kusogeza rejesho wiki moja tu, tena utoe taarifa kabla ya siku ya kulipa. Wakanyamaza. Nami nikanyamaza, sikukimbilia kujaza ukimya ule. Kisha mmoja akauliza bei ya betri ya pili, na safari hii karatasi ya bei nilikuwa nayo mkononi.

Walichukua saba, watano kati yao kwa betri mbili. Yule mama hakuchukua. Alisema atangoja masika aone ya jirani yake kwanza. Nikamuuliza nirudi lini, akasema baada ya mvua, nikaandika.

Sasa naomba wawili wasimame. Dada, wewe uwe mama wa Kigombe, umuulize mwenzako swali ambalo una hakika hajui jibu lake. Nyie wengine msikilize kama mwenzake atalirudia kwa maneno ya dada, au kwa yake mwenyewe.