Muhuri Uliomezwa na Mwanga

Idi: Bi Rehema, msikilizaji wetu ametutumia picha ya mkufu anaotaka kuununua. Kwenye kifungio panasomeka 14K, na muuzaji anasema ni dhahabu tupu, yaani ya karati hiyo hadi ndani. Tuanzie wapi?

Rehema: Tuusome muhuri wote, Bwana Idi. 14K peke yake hudai kwamba sehemu 14 kati ya 24 ni dhahabu, na kwingine huandikwa 585. Lakini hapa kibati chenye muhuri kimepinda na mwanga umemeza upande wa kushoto. Nilipoikuza picha niliona alama ya mkwaju na 20 kabla ya 14K, jambo linaloashiria muhuri wa 1/20 14K GF. Huo ni mkufu uliovikwa dhahabu: tabaka la karati 14 limegandamizwa juu ya shaba, nalo ni sehemu moja ya ishirini ya uzito wote. Katika gramu 10, tabaka hilo ni nusu gramu, na dhahabu safi iliyomo haifiki gramu 0.3.

Idi: Na kama ungesomeka GP au HGE?

Rehema: Hiyo ni dhahabu ya kuchovya kwa umeme, ambayo tabaka lake ni jembamba zaidi.

Idi: Je, kifungio chenyewe kinaaminika?

Rehema: Muhuri hukisemea kipande ulichopigwa, na vifungio hubadilishwa. Kwa hiyo natazama kipete kinachounganisha kifungio na mkufu; kikiwa na rangi tofauti, au mwanya wake ukiwa wazi ilhali viungo vingine vimechomelewa, nashuku kwamba kifungio kililetwa baadaye. Ila springi ya ndani kwa kawaida ni ya chuma hata katika mkufu wa dhahabu tupu, kwa hiyo doa la kutu hapo lisimhukumu muuzaji.

Idi: Uchakavu nao unasema nini?

Rehema: Unasema mengi, mradi tutazame pale viungo vinaposuguana. Dhahabu tupu hulika na kuwa nyembamba, lakini ndani ya mfuo rangi hubaki ileile. Ya kuchovya hufichua madini ya chini, yenye rangi ya kijivu au nyekundu, mara nyingi kwa mabaka mapana. Iliyovikwa ndiyo inayosumbua, kwa kuwa shaba iliyo chini nayo inaweza kuwa ya manjano. Natafuta mstari mwembamba wa kahawia au kijani kwenye kingo zilizolika. Katika picha hii mstari huo upo kwenye viungo viwili vilivyo karibu na kifungio.

Idi: Basi umeshaamua?

Rehema: Nashuku sana, lakini taa ya manjano hudanganya macho, na uchafu uliokauka hufanana na shaba. Namwomba msikilizaji adai picha mbili katika mwanga wa mchana, mkufu ukiwa umefutwa: moja ya kibati kikimulikwa kutoka pembeni ili herufi zitupe kivuli, nyingine ya viungo hivyo viwili vikiwa vimelegezwa. Muuzaji akikataa, msikilizaji asilipe bei ya dhahabu tupu kabla sonara hajaupima mkufu mkononi.