Jinsi ya kusoma mwendo wa ardhi kwenye myloniti ya Mto Aswa

Karibuni tena. Leo tuko kaskazini mwa Uganda, kwenye mawe ya Mto Aswa, kati ya Gulu na Kitgum. Njooni kiangazi, maji yakiwa yamepungua. Mto huu umefuata ukanda mrefu wa myloniti, yaani jiwe lililovutwa mpaka likawa na mistari, unaotoka kusini-mashariki kwenda kaskazini-magharibi. Hapa pande mbili za ardhi zilipitana zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita, chini sana, mahali penye joto. Tutatafuta upande upi ulikwenda wapi.

Kwanza, tazama mistari. Hii myeupe na myeusi inayopishana ni jiwe lililovutwa likiwa gumu, bila kuyeyuka. Kwenye joto la nyuzi 300 hivi madini ya kwatzi huanza kujivuta, na chembe zake hujiunda upya zikiwa ndogo zaidi. Madini mengine, feldspa, husubiri mpaka karibu 450, ndiyo maana imebaki na vidonge vyake ndani ya unga laini. Vidonge hivyo ndivyo tunavyovitaka.

Pili, weka dira kwenye bapa la mistari. Hapa limesimama karibu wima. Sasa tafuta bapa lililopasuka kufuata mistari hiyo, ulipapase: utaona michirizi ya madini imelala karibu usawa. Huo ndio mwelekeo wa kuvutwa.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanakimbilia ukuta wa jiwe kwa sababu unaonekana vizuri kwenye picha. Uso unaofaa ni ule unaofuata michirizi na kukata mistari, na kwa kuwa michirizi imelala, uso huo uko chini ya miguu yako. Mwaga maji, sugua tope, kisha chuchumaa.

Tatu, simama ukitazama kaskazini-mashariki, mistari ikipita mbele yako kutoka kulia kwenda kushoto. Chagua kidonge kimoja cha feldspa. Kina mikia miwili. Huu wa kushoto unatokea upande wa mbali, ule wa kulia unatokea upande wa karibu nawe. Basi upande wa mbali ulikwenda kushoto, yaani kaskazini-magharibi. Ukivuka ukasimama ng'ambo na kugeuka, bado utapata kushoto.

Usiamini kidonge kimoja. Pitia hata ishirini. Chenye mikia iliyonyooka katikati kiache, hakisemi kitu. Vikigawanyika nusu kwa nusu, rudi ukague michirizi, huenda unatazama uso usiofaa.

Ukitaka kubeba kipande, kabla ya kupiga nyundo chora mshale wa kaskazini kwa kalamu ya wino usiofutika, na uandike "JUU" upande wa juu. Ukilitazama jiwe hilo nyumbani kwa chini, kushoto kutageuka kulia.