Orodha Moja, Swali Moja: Kichwa na Maelezo ya Orodha ya Kucheza

Ndugu zangu, chukulieni chaneli ya YouTube ya fundi wa cherehani. Ana video 31, zote kaziweka katika orodha moja ya kucheza aliyoiita "Mafunzo Yangu ya Cherehani". Maelezo ameyaacha matupu. Sasa jiulizeni: nani amewahi kukaa mbele ya simu akaandika "mafunzo yangu"? Mtu anatafuta akiwa na tatizo. Nguo iko mezani, cherehani inaruka mishono, naye anaandika hivyo hivyo: cherehani inaruka mishono.

Wengi wetu tunaichukulia orodha kama kabati la kupangia video. Lakini orodha ina anwani yake, ile inayoanza na `youtube.com/playlist?list=`, na mgeni anaweza kuifikia moja kwa moja kutoka kwenye matokeo ya utafutaji, wala hajui chaneli ni ya nani. Kwake huo ndio mlango wa mbele. Sharti orodha iwe wazi kwa wote, maana isiyoorodheshwa na ya faragha hazitokei kwenye utafutaji.

Basi fundi wetu afanye nini? Kwanza aandike maneno ya tatizo kwenye kisanduku cha kutafutia, asibonyeze kitu, asome yale yanayojijaza yenyewe. Hayo ni maneno ya watu, si yake. Akitaka kuwaona washindani, achuje matokeo yabaki orodha tu. Tuseme kapata makundi matatu: kuruka mishono, uzi kukatika, na kutia mafuta. Hayo ni maswali matatu, kwa hiyo ni orodha tatu. Video ya namna ya kufunga sindano inaweza kukaa katika mbili za kwanza, kwani sindano iliyofungwa vibaya huleta matatizo yote mawili. Video moja kuwa katika orodha kadhaa si kosa.

Ile orodha ya zamani asiifute. Ukibadilisha kichwa, anwani haibadiliki, na kila aliyeihifadhi au kuituma kwa mwenzake bado ataifikia. Aipe swali lenye nguvu kuliko yote, aondoe video zisizohusika, kisha hizo nyingine mbili azitengeneze upya.

Kichwa kinaruhusu herufi 150, ila kwenye simu mwisho wake hukatwa, kwa hiyo tatizo litangulie: "Cherehani inaruka mishono: chanzo na kurekebisha hatua kwa hatua". Jina la chaneli halina kazi hapo, maana linaonekana tayari pembeni. Na "Sehemu ya 1" mbele ya kichwa inakula nafasi ya maneno ambayo mtu angeyatambua.

Kwenye maelezo nitakaa kidogo, kwani ndipo watu wanapoharibu. Nafasi ni herufi 5,000, lakini mgeni huona mistari michache tu mpaka abonyeze. Mistari hiyo ijibu mambo matatu: ni kwa nani, aanzie wapi, atatoka na nini. Kwa mfano:

"Kwa cherehani za nyumbani, za umeme na za pedali. Anza na video ya kwanza: kubadilisha sindano, kwani sindano iliyopinda au butu ndiyo chanzo cha kwanza cha kukagua. Ikishindikana, endelea na mkazo wa uzi, kisha muda wa ndoano. Kama uzi wako unakatika badala ya mishono kuruka, nenda kwenye orodha ya uzi kukatika."

Sentensi ya mwisho wengi huiogopa, wakidhani wanamfukuza mgeni. Mimi naona inamwokoa. Aliyekosea mlango anaelekezwa chumba cha pili cha nyumba hiyo hiyo.

Kurundika maneno, "cherehani, mashine, kushona, fundi, nguo", hakusaidii. YouTube wenyewe wanakataza maelezo yanayopotosha au kurudufisha maneno hovyo. Zaidi ya hayo, vichwa vya video zenyewe vimo katika ukurasa huo huo na vinasomwa. Kama video ya pili inaitwa "Somo la 7", maelezo mazuri hayataiokoa, ibadilishwe nayo.

Mama mmoja hapa mbele ameuliza atajuaje kama imefaulu. Fungua takwimu za chaneli, uangalie watazamaji wanatoka wapi, ulinganishe kabla na baada ya mabadiliko kwa majuma kadhaa, si siku mbili. Kisha itazame video ya kwanza. Ikiwa watu wanaingia kupitia orodha lakini wanaondoka ndani ya sekunde chache, kichwa kimeahidi jambo ambalo video hiyo haifiki haraka. Fundi wetu alikuwa ameweka video ya salamu ya dakika mbili mwanzoni mwa orodha. Hapo hakuna maelezo ya kuandika upya, ni kupanga upya: video ya sindano ije kwanza, salamu iende mwisho.