Dola 50 Kwa Simu: Spredi Inakula Wapi?

MWENDE: Haya, tumerudi. Baraka, kuna msikilizaji wa Kayole ametuma voisi, ako na dola 50 kwa broka, anatreidi EUR/USD, yuro kwa dola, kwa simu akiwa kwa mat, chati ya M1, ile ya dakika moja moja, saizi ya treidi loti 0.01, stop losi ya kukata hasara pipsi 5 na tageti ya kuchukua faida pipsi 5, pipsi ikiwa kale kahatua kadogo ka bei. Anasema anasoma soko poa lakini akaunti inashuka tu.

BARAKA: Na spredi yake, ile tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza, ni ngapi?

MWENDE: Pipsi 1.5.

BARAKA: Basi shida ndio hiyo, hata usiangalie chati yake. Ukibonyeza Buy unanunua kwa Ask, bei ya kununua, na kufunga utafunga kwa Bid, bei ya kuuza, ambayo iko chini 1.5 tayari. So ile Bid, ndio apate pipsi 5 zake, lazima ipande 6.5, lakini ikishuka 3.5 pekee ashachomwa.

MWENDE: Ngoja, kumbe 5 kwa 5 si 5 kwa 5?

BARAKA: Haiko sawa hata kidogo. Mtu akiingia tu kwa kubahatisha hapo anashinda kama mara 35 kwa 100, na yeye ndio asipoteze anahitaji 50. Sasa peleka hesabu hiyo hiyo kwa H4, chati ya masaa manne manne, stop 40 tageti 40, Bid inahitaji kupanda 41.5 ama kushuka 38.5, hapo wa kubahatisha ako kama 48. Spredi ni ile ile, ni umbali tu umebadilika.

MWENDE: Na kwa pesa?

BARAKA: 0.01 ya EUR/USD pipsi moja ni senti 10 za dola, kwa hivyo kila treidi analipa senti 15 za kuingia mlangoni. Akipiga treidi 10 kwa siku ni dola moja na nusu, siku 20 za kazi ni dola 30. Kwa akaunti ya 50, bana! Na hapo sijagusa komisheni.

MWENDE: Sawa, si ahamie H4 basi tumalize.

BARAKA: Hapo ndio watu wengi hukwama. Stop ya pipsi 40 kwa 0.01 ni dola 4, hiyo ni asilimia 8 ya akaunti kwa treidi moja. Akipigwa mara tano mfululizo, na hiyo ni kawaida kabisa, karibu dola 20 zimeenda. Akitaka kuriski asilimia 1, yaani senti 50, kwa 0.01 stop yake ni pipsi 5, tunarudi tu kwa M1. So si ati jamaa anapenda kuskalpu, kuwinda pipsi chache haraka haraka, ni vile ile loti ndogo kabisa ya broka ndio inamsukuma huko.

MWENDE: Eeh, hiyo sikuwa nimeiona hivyo. Atoke aje?

BARAKA: Akaunti ya senti. Huko kwa kawaida loti 1 ni yuniti 1,000, si 100,000, na salio linahesabiwa kwa senti, so dola 50 inaonekana kama 5,000. Loti 0.12 inampa kama senti 1.2 kwa pipsi, mara 40 ni senti 48. Stop inakaa nyuma ya kale kabonde ka chati, mahali inafaa kukaa, si mahali mfuko umelazimisha. Lakini broka hawafanani, afungue ile loti ndogo kabisa kwanza aone pipsi moja inasongesha pesa ngapi, pia aangalie kama spredi ya akaunti ya senti imefura kuliko ile ingine.

MWENDE: Na kulala na treidi usiku?

BARAKA: Kuna swopu, riba ya kulaza treidi, na kwa broka wengi ya Jumatano inachajiwa mara tatu. Kubwa zaidi ni ile saa ya Nuyok kufunga siku, hapa kwetu ni saa sita usiku, ama saa saba wakibadilisha saa zao. Spredi inafura hapo. Ukiwa umeuza, stop yako inaguswa na Ask, na chati ya MT5, ile app ya kutreidi, kwa simu inachora Bid, so asubuhi unaamka unasema broka mwizi, bei haikufika. Ilifika, ni vile hukuiona. Ingia kwa setingi za chati uwashe laini ya Ask.

MWENDE: Na spredi yenyewe unaisoma wapi?

BARAKA: Kwa listi ya bei, kale kanamba kadogo. Ukiona 15, ni pointi, yaani pipsi 1.5. Iangalie saa kumi jioni, Landani na Nuyok wote wako kazini, halafu uiangalie tena usiku wa manane. Mimi chochote kinachopita sehemu moja kwa 20 ya stop yangu, siingii.

MWENDE: Kwa hivyo spredi ya 1.5, stop isipungue 30.

BARAKA: Hapo. Na aweke pesa mara moja, asiwe anatoa na kurudisha kwa M-Pesa kila wiki, maana reti ya kuweka na ya kutoa hazilingani, hiyo pia ni spredi, ni vile tu haionekani kwa chati.